EXIF inasema Canon, namba za ndani zinasema vingine: nimkatalie?

Mkadiria Hasara
Wakuu, naombeni ushauri. Nimeletewa kwa baruapepe picha ya gari lililogongwa. Mwenye gari anasema ameitoa moja kwa moja kwenye kadi ya kamera yake ya Canon, na EXIF, yaani maelezo ya kamera yaliyomo ndani ya faili, inasema hivyo. Ila EXIF yeyote anaweza kuiandika, kwa hiyo nikasoma jedwali la kwantaizesheni la mwangaza, namba zinazoamua picha ya JPEG ibanwe kiasi gani:

```python
from PIL import Image
print(Image.open("gari.jpg").quantization[0])
```

Inaanza 8, 6, 5, 8, 12, 20, 26, 31. Nikatae dai?

Mama Duka
Mimi mteja alinitumia risiti kwa WhatsApp, EXIF hamna kabisa. Kumbe alikuwa tapeli?

Baiti Moja
Mama, WhatsApp huifuta kwa kila mtu anayetuma kama picha ya kawaida. Mkadiria, hizo ni namba za libjpeg, maktaba ambayo programu nyingi hutumia kuhifadhi JPEG, ubora 75. Picha imechezewa, kataa. Mimi huwa natafuta FF DB ya kwanza kwenye faili, ndiyo alama ya jedwali, namba zinaanza baada ya baiti tatu.

Mzee wa Giza
Baiti, namba umepatia, hukumu umekosea. Jedwali la mfano la kiwango cha JPEG linaanza 16, 11, 10, 16, 24, 40, 51, 61. Kwa ubora 75, libjpeg huchukua nusu ya kila namba na kuikadiria: 16 inakuwa 8, 51 inakuwa 26. Zimelingana zote. Yaelekea faili imehifadhiwa upya na programu fulani. Kwa nini, jedwali halisemi. Hata kupunguza ukubwa ili iingie kwenye barua kunatosha.

Na hiyo FF DB ya kwanza mara nyingi ni ya kijipicha kilichofichwa ndani ya EXIF, si ya picha kuu. Tena baiti hukaa kwa zigizaga, utaona 8, 6, 6, 7, 6, 5 udhani ni jedwali jingine.

Mkadiria, iombe kamera yenyewe. Piga picha kwa ukubwa na ubora uleule, maana mipangilio ikibadilika jedwali nalo hubadilika, kisha linganisha.

Mkadiria Hasara
Nimepiga tatu kwa kadi yangu. Zote zinaanza 1, 1, 1, 2, 3, 6, 8, 10. Sasa anasema kijana wa steshenari ndiye aliyeituma, huenda aliipunguza. Ya asili ameshaifuta kwenye kadi.

Baiti Moja
Si nilisema!

Mzee wa Giza
Bado. Umethibitisha tu kwamba ile faili haikutoka kamerani kama ilivyo. Hata ingelingana, modeli kadhaa hutumia jedwali moja, usingeapa kwamba ni kamera yake. Umefanya vyema kutumia kadi yako. Mwambie ya kwake asipige picha nyingine wala asiifomati, ailete leo, tuijaribu na PhotoRec, programu ya kurejesha faili zilizofutwa.

Mkadiria Hasara
Nimempigia. Anasema jana alipiga harusi nzima kwa kadi hiyohiyo.