Muhtasari wa skrinishoti: jedwali la saa au maelezo ya kila mtu?

Nukta_Moja: Wakuu, nina skrinishoti nne za WhatsApp za makubaliano ya kupaka rangi nyumba. Kesho napeleka muhtasari wa nani alikubali nini na lini. Nitumie jedwali la saa, au niandike alichokubali kila mtu? Kuna meseji zimekatika.

Mama_Kalamu: Simu ni ya nani? Ni grupu au watu wawili? Zimekatika juu au chini?

Nukta_Moja: Simu yangu, za kijani ni zangu. Mimi na fundi tu. Moja imekatika chini.

Kaka_Haraka: Jedwali. Tiki za bluu ziandike kuwa amekubali.

Mama_Kalamu: Jedwali sawa, tiki hapana. Bluu inaonyesha meseji imesomwa, basi. Na iliyokatika chini imepoteza saa yake, maana saa hukaa kona ya chini. Usiiazime ya meseji iliyotangulia. Andika hivi:

10:42, mwenye nyumba: "Utamaliza lini?"
Baada ya 10:42, fundi: "Ijumaa nitakuwa nimemaliza, ila" [imekatika, saa haionekani]
11:20, picha ya pili, mwenye nyumba: "Sawa." [haijulikani anajibu nini, hakuna meseji inayojirudia kwenye picha zote mbili]

Msafiri_22: Hiyo "ila" iheshimu. Mimi nilifupisha mazungumzo ya kukodi viti, nikaandika "amekubali kuleta Jumamosi". Sentensi ilikuwa imekatika, nikaona maana inajitosheleza. Siku ya shughuli viti havikuja. Mwenzangu akafungua simu yake: "Jumamosi nitaleta, mkinithibitishia idadi Alhamisi." Hatukuthibitisha. Muhtasari wangu ndio uliomfanya kila mtu aamini mwenye viti ameahidi bila sharti, na lawama zote akabebeshwa yeye. Bado inaniuma.

Kaka_Haraka: Basi saa zibadilishwe ziwe za Kiswahili, 10:42 iwe saa nne na dakika 42.

Mama_Kalamu: Nakili kama ilivyo kwenye skrini. Fundi akiandika "nakuja saa tatu", nayo iache vilevile ndani ya alama za kunukuu.

Kaka_Haraka: Wasomaji watachanganyikiwa.

Msafiri_22: Watachanganyikiwa zaidi ukichanganya mifumo miwili. Nukta, juu ya meseji kuna tarehe?

Nukta_Moja: Imeandikwa "Jana".

Mama_Kalamu: Jana ya siku picha ilipopigwa, si ya leo. Angalia tarehe ya faili la asili. Au toa mazungumzo yote kwa "Export chat", utapata tarehe na hiyo sentensi nzima.

Nukta_Moja: Simu ile iliharibika. Picha hizi nilirudishiwa na ndugu yangu, faili zina tarehe ya juzi.

Mama_Kalamu: Hiyo ni siku zilipohifadhiwa upya. Andika "Jana, tarehe haijulikani", kisha mwombe fundi akutumie upande wake.

Nukta_Moja: Hatuongei.