Standibai au dhamana ya benki kwa zabuni ya Lusaka: rasimu ipi ina afadhali?

Mabomba_Embakasi
Habari zenu wadau. Tunaweka zabuni ya kazi ya mabomba ya maji Lusaka, fedha zake ni za Benki ya Dunia. Bei yetu ni kama dola 2,400,000. Sasa hivi wanataka dhamana ya zabuni ya dola 48,000, na tukishinda watataka ya utekelezaji ya asilimia 10, yaani dola 240,000. Masharti ya zabuni yanakubali dhamana ya benki au elsii ya standibai, yaani barua ya benki ya kuahidi malipo. Benki yetu hapa mjini imetupa rasimu mbili: moja ni dhamana, imeandikwa chini kwamba inafuata kanuni za URDG 758, nyingine ni standibai, inafuata kanuni za ISP98. Bei ya benki ni ile ile, na pesa watakayotuzuilia ni ile ile. Nichague ipi?

QS_Kasarani
Chukua standibai bila kufikiria mara mbili. Dhamana ya benki inalipwa mteja akiita tu. Standibai hailipwi mpaka ushindwe kazi, ndiyo maana ikaitwa ya kusubiri.

Bi_Hazina
QS, hapo umepata nusu. Ni kweli zote mbili hukaa tu hadi mambo yaharibike, lakini benki haiji Lusaka kukagua mitaro yenu. Inaangalia karatasi. Karatasi ikilingana na yaliyoandikwa, inalipa, hata kama mabomba yenu yanatiririsha maji vizuri. Standibai ilikua Marekani kwa sababu benki za huko zilibanwa kisheria zisitoe dhamana, wakatumia elsii kufanya kazi ile ile.

Swali la kuuliza ni hili: mteja akitaka pesa, analeta karatasi gani?

Chini ya URDG 758, kifungu cha 15, dai lazima liambatane na tamko la mteja linaloeleza umekosea wapi. Sharti hilo lipo hata dhamana yenyewe isipolitaja. Chini ya ISP98 mambo ni kinyume: tamko la kosa linahitajika pale tu standibai yenyewe imelitaka. Rasimu ikisema "tutalipa kwa dai la maandishi" ikaishia hapo, basi dai tupu linatosha. Kwa hiyo kama rasimu yako ya ISP98 ni fupi na tamu, isome tena.

Vigae_Kirinyaga_Rodi
Elsii ni kichwa maji jameni. Mimi kontena la vigae kutoka Foshan, benki ilikataa hati kwa sababu bili ya meli haikuonyesha tarehe ya kupakia. Hakikisha bili ya meli iko sawa.

Bi_Hazina
Pole ndugu yangu, ila hiyo ni elsii ya kununulia bidhaa, na inafuata kanuni zake, UCP 600. Yako inalipwa mambo yakienda vizuri. Ya huyu ndugu inalipwa yakienda vibaya, na hakuna meli wala kontena ndani yake.

Mabomba_Embakasi
Asante dada. Nimetoa karatasi zote. Fomu ya dhamana ya zabuni iliyo kwenye kabrasha inataka mteja atamke kwamba tumeondoa zabuni, au tumekataa kutia saini mkataba, au tumeshindwa kuleta dhamana ya utekelezaji. Lakini fomu ya utekelezaji inasema iko chini ya URDG 758 *isipokuwa* tamko la kifungu cha 15(a) limeondolewa, na kwamba mteja hahitaji kuonyesha sababu. Hiyo si kutuvua nguo? Naweza kufuta hiyo sentensi?

Bi_Hazina
Umeona penyewe. Ndiyo maneno ya fomu za Benki ya Dunia za utekelezaji. Kwa hiyo hata ukichagua URDG, kinga ya kifungu cha 15 hauna kwenye zile dola 240,000. Kwenye 48,000 unayo.

Usifute kitu. Ukibadilisha fomu kimyakimya ukapeleka, wana haki ya kuitupa zabuni yote, na utashindwa kabla bei yako haijasomwa. Andika ombi la ufafanuzi kabla ya tarehe yao ya mwisho ya maswali, uombe tamko la kosa lirudishwe. Jibu litaenda kwa wazabuni wote. Wakikataa, weka hatari hiyo kwenye bei yako au uache kazi.

Injinia_Syokimau
Mimi niliumizwa na tarehe, si tamko. Kazi ilichelewa, mteja akaandikia benki siku chache kabla dhamana kuisha: ongezeni muda au mlipe. Sikuwa na kosa lolote. Nikalipia ada ya miezi sita mingine nikiwa nimeuma meno.

Bi_Hazina
Hapo ndipo sheria hizi mbili zinatofautiana kweli. URDG, kifungu cha 23, inaruhusu benki isimamishe malipo hadi siku 30 za kalenda mkiongea na mteja. Ukiongeza muda ndani ya siku hizo, dai linahesabiwa limeondolewa. Usipoongeza, na dai liko sawa, inalipa. ISP98 haina siku hizo 30. Benki inakuuliza ndani ya muda wake wa kukagua hati, na ikipita siku 7 za kazi bila kumpa mteja notisi ya kukataa, imechelewa. Siku 30 unaweza kupanda basi ukaonane na mteja. Siku 7 ni za kupiga simu tu.

Kwa hilo peke yake ningechukua URDG.

QS_Kasarani
Sawa, nimekubali kuhusu karatasi. Lakini standibai si inakwenda moja kwa moja kutoka Nairobi? Dhamana watataka benki ya Lusaka iitoe, halafu benki yetu itoe dhamana ya kuikinga. Ada mara mbili.

Bi_Hazina
Hilo linategemea kabrasha lao, si jina la hati. Dhamana pia inaweza kutoka Nairobi, benki ya Lusaka ikaipitisha tu. Ila tabaka mbili zina uzito zaidi ya ada. Chini ya URDG, hati isiyotaja sheria ya nchi hufuata sheria ya mahali ilipo benki iliyoitoa. Ikitolewa Lusaka, ni sheria ya Zambia, na zuio la mahakama ya Milimani halitaizuia benki ya huko. Ikitolewa hapa, ni Kenya. ISP98 imenyamaza kabisa juu ya hilo, kwa hiyo iandikwe ndani ya hati.

Mabomba_Embakasi
Zabuni inafungwa 14 Mei, inadumu siku 120, na dhamana iongezwe siku 28 juu yake. Nimepata 9 Oktoba.

Bi_Hazina
Ni hiyo: 11 Septemba, kisha siku 28. Omba benki ikuonyeshe rasimu ya SWIFT MT760, ujumbe ambao benki hutumiana kutoa dhamana au standibai, kabla hawajautuma, uangalie mistari hii:

```
22D: DGAR
40C: URDG
23B: FIXD
31E: 261009
```

Wa kwanza ukisema STBY, wamekuandikia standibai. 40C ikisema NONE, hakuna kanuni yoyote uliyokubaliana nayo. 23B ikisema OPEN, hati haina mwisho, waambie warekebishe.

Injinia_Syokimau
Na akishatoa dhamana ya utekelezaji, ipungue baada ya kukabidhi kazi? Wangu walikataa.

Bi_Hazina
Wengine hukubali ishuke hadi nusu kipindi cha marekebisho, wengine hawataki kusikia. Iwe kwenye ombi lile lile la ufafanuzi.

Mabomba_Embakasi
Natuma ombi kesho: tamko la kosa, kushuka kwa kiasi, na kama watakubali hati itolewe Nairobi moja kwa moja. Wakijibu nitaweka hapa.