Faili lisilo na kufuli au maktaba ya kwenye akaunti: kipi hubaki akaunti ikifungwa?

Mleta mada
Duka nililokuwa nikinunulia vitabu, nyimbo na filamu limeifunga akaunti yangu. Nyimbo nilizopakua kama MP3 bado zinasikika. Vitabu 19 nilivyopakua vinaonyesha jalada tu, kisha vinanitaka niingie kwenye akaunti ambayo haipo tena, na filamu hazionekani kabisa. Vyote nilivipata kwa kubonyeza kitufe kilekile cha kununua. Je, nilimiliki nini hasa, na siku nyingine ninunue kwa njia gani?

Mkutubi
Pole sana. Ulichopewa kwa vitabu na filamu ni leseni, yaani ruhusa ya kutumia kwa masharti. Faili unalo, lakini limefungwa kwa ufunguo unaotolewa na akaunti, na akaunti ikifa ufunguo hautolewi tena. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019, hata vitabu vilivyokwisha kununuliwa viliacha kufunguka. Wateja walirudishiwa fedha, si vitabu.

Kwa hiyo mimi huchagua faili lisilo na kufuli kila linapopatikana. Usiamini herufi za mwisho wa jina la faili, kwa kuwa kitabu cha aina ya EPUB huweza kuwa na kufuli au kutokuwa nalo. Nakili faili kwenye kifaa ambacho hakijawahi kuingia kwenye akaunti yako, zima intaneti, kisha ulifungue kwa programu nyingine.

Wakili wa mtaani
Mimi naona una haki zaidi ya hizo. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba aliyenunua nakala ya programu ya kompyuta kwa kupakua anaweza kuiuza tena. Basi kitabu nacho ni mali yako.

Mkutubi
Uamuzi huo ulihusu programu za kompyuta. Mwaka 2019 mahakama hiyohiyo, katika kesi ya Tom Kabinet, ilikataa kuutumia kwa vitabu vya kielektroniki.

Bi Sauda
Mwanangu, mimi nilisahau nywila, nikawaandikia huduma kwa wateja, na vitabu vyangu vyote vikarudi. Jaribu hivyo.

Mleta mada
Ahsante, mama, ila yangu imefungwa na duka lenyewe, wala si suala la nywila. Nimefanya jaribio la Mkutubi: vitabu 3 kati ya 19 vimefunguka, vyote vya mchapishaji mmoja asiyeweka kufuli. Je, naweza kudai fedha za vile 16?

Mkutubi
Inategemea masharti uliyoyakubali, sababu ya kufungiwa na sheria ya unakoishi. Dai kwa maandishi, uambatanishe risiti zote. California, tangu tarehe 1 Januari 2025, inamtaka muuzaji aeleze waziwazi kwamba anauza leseni, isipokuwa pale mnunuzi anapopewa nakala ya kudumu ya kupakua na kutumia bila mtandao. Hata hivyo, sheria hiyo haikurudishii kitabu.

Wakili wa mtaani
Nakubali kuhusu kuuza tena. Lakini kumfungia mtu alichokwisha kulipia bila kumrudishia chochote bado naona kunaweza kupingwa mahakamani. Masharti yao yanasemaje kuhusu kufungiwa? Yabandike hapa tuyasome.