Kugawa bonasi kwa pointi hadi shilingi ya mwisho: njia ipi mwatumia?

BintiNyali
Asalaam alaykum na habari zenu. Naweka vitabu vya mkahawa mmoja wa samaki huku Nyali. Kila mwisho wa mwezi tajiri hutenga mfuko wa bonasi, nami naugawa kulingana na pointi. Mwezi huu mfuko ni 40,000 na pointi zote ni 109: mpishi mkuu 23, msaidizi wake 19, wahudumu wawili 17 kila mmoja, wa kaunta 13, muosha vyombo 11, mlinzi 9.

Pointi moja yaja 366.97 na vijisenti vyake. Nikipeleka fungu la kila mtu kwenye shilingi iliyo karibu, jumla yatoka 40,001. Malipo yapita M-Pesa, kwa hivyo ni shilingi nzima, na kwenye mfuko hamna hiyo moja ya ziada. Naona njia tatu. Mtu mmoja abebe tofauti. Au wote washushwe, kisha shilingi zilizosalia ziende kwa wenye senti nyingi. Au pointi ihesabiwe 366 na kilichobaki kingoje mwezi ujao. Nyinyi mwafanyaje? Hawa wangu hulinganisha meseji papo hapo zikiingia.

Nahodha_Kilindini
Dadangu, wajisumbua bure. Tumia ROUND, tofauti mkate mwenye pointi nyingi. Mpishi mkuu achukue 8,439 badala ya 8,440, mambo yaishe. Ofisini kwetu twafanya hivyo na hakuna aliyewahi kuuliza.

Mwalimu_Mstaafu
Nahodha, jumla itafunga, hilo kweli. Lakini angalia nani analipa. Fungu halisi la mpishi ni 8,440.37, tayari amepoteza senti 37, nawe wamkata shilingi nyingine juu yake. Na tofauti haikai kwenye moja daima. Kila mtu aweza kuchangia hadi nusu shilingi upande mmoja, kwa hivyo timu ya watu 60 yaweza kukupa tofauti ya shilingi kadhaa, zote zikimwangukia mtu yule yule kila mwezi.

BintiNyali, mimi ningechukua njia yako ya pili, ila ungeachana na senti kabisa. Zidisha pointi kwa mfuko, gawanya kwa 109, uchukue namba nzima na baki lake. Mlinzi: 9 × 40,000 ni 360,000, ukigawanya kwa 109 wapata 3,302, baki 82. Ukifanya hivyo kwa wote, mabaki ni haya: mpishi 40, msaidizi 52, wahudumu 58 na 58, kaunta 70, muosha vyombo 76, mlinzi 82. Yajumlishe: 436, yaani 109 mara nne. Mafungu yaliyoshushwa nayo yafika 39,996. Zimesalia shilingi nne, na hesabu mbili zimekubaliana, ndipo ujue hujakosea mahali. Sasa zigawe kuanzia baki kubwa: mlinzi, muosha vyombo, kaunta, halafu mhudumu mmoja.

Mama_Likoni
Mimi niliwahi kufanya kazi hotelini, mwenzangu tukiwa na pointi sawasawa, yeye akapata zaidi yangu kwa mamia ya shilingi. Nyinyi mwabishana shilingi moja! Hapo palikuwa na wizi, au ni hiyo hiyo mambo ya senti?

Mwalimu_Mstaafu
Senti haziwezi kufanya hayo, mama. Kwa njia hii wenye pointi sawa hawapishani zaidi ya shilingi moja. Yawezekana ni kodi. Bonasi hujumlishwa na mshahara wa mwezi ule kisha hukatwa PAYE, na mwenye mshahara mkubwa huenda bonasi yake ikaangukia kiwango cha juu cha kodi. Ukiweza, tazama payslipu zote mbili kabla ya makato. Kwa ajili hiyo mfuko hugawanywa kwanza, makato baadaye. Ukijaribu kuzifanya pesa za mkononi zijumlike sawa na mfuko hutafika.

Mama_Likoni
Ahsante. Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wangu, kwa hivyo yaelekea ni hivyo. Lakini wangetueleza.

Kijana_Tudor
Kwa Ekseli: pointi ziwe B2 hadi B8, mfuko H1, jumla ya pointi H2. Namba nzima, baki, shilingi zilizosalia, kisha malipo:

```
C2: =QUOTIENT(B2*$H$1,$H$2)
D2: =MOD(B2*$H$1,$H$2)
H3: =H1-SUM(C2:C8)
F2: =C2+IF(RANK(D2,$D$2:$D$8)<=$H$3,1,0)
```

C2, D2 na F2 ziburute chini hadi mstari wa 8.

BintiNyali
Nimeweka zote. H3 yasema 4 kama alivyosema Mwalimu, lakini jumla ya F bado ni 40,001!

Mwalimu_Mstaafu
Ni wahudumu wako. Mabaki yao yamelingana, 58 na 58, na RANK huwapa wote wawili nafasi ya nne. Wote wakaingia, shilingi nne zikawa tano. Weka hivi:

```
F2: =C2+IF(RANK(D2,$D$2:$D$8)+COUNTIF($D$2:D2,D2)-1<=$H$3,1,0)
```

Hapo aliye juu kwenye orodha huwa wa nne na wa chini yake wa tano. Utapata 8,440, 6,972, 6,239, 6,238, 4,771, 4,037 na 3,303.

BintiNyali
40,000 kamili, ahsante sana. Lakini sasa wahudumu wawili, pointi zilezile, mmoja 6,239 na mwingine 6,238. Na ndio hao hao wanaokaa pamoja wakifungua simu.

Bwana_Kizingo
Ndiyo maana mimi nashika njia yako ya tatu. Pointi 366, wahudumu wote wawili 6,222, na mtu yeyote aweza kujipigia hesabu kwa simu yake bila kukuuliza. Zinabaki 106, ziongeze kwenye mfuko wa mwezi ujao. Kwangu mimi, wenye pointi sawa kupata sawa ni muhimu kuliko mfuko kuisha leo.

Mwalimu_Mstaafu
Naiheshimu hoja hiyo, Bwana Kizingo, ila si jibu la swali lake, maana mfuko haujaisha. Na anayeacha kazi mwezi huu, sehemu yake ya zile 106 italiwa na wengine. Njia yangu nayo ina kasoro yake. Mfuko ukiongezwa kidogo, pointi zikiwa vilevile, yawezekana mtu fungu lake likapungua shilingi moja. Wamarekani waliligundua jambo hilo kwenye hesabu za viti vya bunge baada ya sensa ya 1880: Alabama ilipata viti 8 bunge likiwa na viti 299, na 7 likiwa na 300. Kwa shilingi moja mimi navumilia. Kwa wahudumu, wapokezane nafasi kwenye orodha kila mwezi, na waambiwe kabla.

Bwana_Kizingo
Kupokezana kwahitaji mtu wa kukumbuka zamu. Akienda likizo je?

BintiNyali
Tajiri ataka mfuko usome sifuri, kwa hivyo 106 haitapita kwake. Zamu nitawauliza wenyewe. Swali moja: mwezi ujao kuna mwenye pointi 17.5 kwa sababu ya nusu siku. MOD itakubali?

Kijana_Tudor
Itakubali, lakini zidisha pointi za kila mtu kwa 2 kwanza, awe na 35, ubaki kwenye namba nzima. Mafungu hayabadiliki. Ukianza kuweka 0.1 na 0.3, Ekseli huhifadhi desimali hizo kwa kukaribia tu, na mabaki mawili yaliyo sawa yaweza kuonekana tofauti, zamu ikaenda kwa asiye wake.