Mtihani wa kazi umeniangusha kwa swali la droo ya pesa. Hayo majibu yao huandikwa na nani?

Mtoto wa Githurai

Wadau, nimepandwa na hasira, mnivumilie.

Niliomba kazi ya msimamizi mwanafunzi kwenye duka moja kubwa hapa mjini. Hesabu nikapita. Kusoma na kuelewa nikapita. Kisha nikaletewa yale maswali ya "umekutana na shida hii kazini, chagua hatua inayofaa zaidi na isiyofaa kabisa". Jana saa tano usiku ripoti ikaingia: uamuzi wangu kazini uko "chini ya kiwango". Mimi! Miaka minne nimekaa kaunta, nimetukanwa na wateja wa kila kabila, na sijawahi kumrushia mtu hata risiti.

Kinachoniuma ni hiki. Kabla ya mtihani kuanza walitupa swali la mazoezi, likiwa na jibu na maelezo. Mwenzako amechelewa mara tatu wiki hii, foleni inakuangukia wewe. Ufanye nini? Wakasema jibu bora ni kumwita kando na kumuuliza kuna nini. Kumkimbilia meneja moja kwa moja wakaliweka chini. Sawa, nikashika: zungumza na mwenzako kwanza.

Nafika swali la 11. Mnafunga hesabu jioni, droo ya mwenzako imepungua shilingi 1,500. Anakuomba utie sahihi kwamba mmehesabu wote wawili na pesa zimetimia, kesho atazileta. Majibu yalikuwa hivi, kama ninavyoyakumbuka:

A. Tia sahihi, kesho umkumbushe.
B. Kataa kutia sahihi, lakini mwambie kwa faragha kwamba utanyamaza akirudisha pesa asubuhi.
C. Hesabuni tena pamoja, andikeni upungufu ulivyo, na mumjulishe msimamizi wa zamu kabla ya kufunga.
D. Nenda nyumbani, usiku umwandikie meneja wa tawi kwamba mwenzako ni mwizi.

Nikachagua B kuwa bora na D kuwa mbaya kabisa. Si ndivyo walivyonifundisha dakika kumi zilizopita? Sasa kuna jamaa aliyepita ananiambia yeye aliweka C na A. Kwa hiyo swali la kwanza nisichongee, la kumi na moja nichongee? Waamue basi!

Kalamu Nyekundu

Pole kaka. Siri ni moja tu: usimtaje meneja kamwe isipokuwa pesa zimeguswa. Pesa zikiguswa, ripoti. Mimi nimepita mitihani miwili hivyo.

Mama wa Zamu

Kalamu, umeshika mkia ukadhani ndiye ng'ombe. Si pesa peke yake. Kijana anayefanya kazi ya mashine akiona mwenzake ameondoa kinga ya kisu, hakuna shilingi hapo, lakini akisubiri kumwita kando wakati wa chai kuna mtu atakosa kidole.

Mtoto wa Githurai, nimekuwa msimamizi wa zamu miaka mingi, na mwajiri wangu wa zamani aliwahi kutuweka kumi na wawili kwenye chumba kusaidia kutengeneza maswali kama hayo. Kila mmoja alijibu peke yake bila kuchungulia wa jirani. Swali ambalo wengi wetu tulikubaliana, jibu letu likawa ndilo jibu. Kwa hiyo usitafute sheria ya Bunge hapo. Jibu bora ni lile ambalo watu waliowahi kuifanya kazi hiyo walilikubali.

Sasa tazama swali lako. Kuchelewa ni tabia ya mwenzako, anaweza kuirekebisha mwenyewe kesho, na ukimwita kando hakuna kinachoharibika. Droo ni kitu kingine. Karatasi ile si yake wala si yako, ni ya duka, na inafungwa jioni ile ile. Ukinyamaza hadi asubuhi, usiku mzima duka linaamini hesabu isiyo ya kweli, na wewe unajua. B inapendeza kwa sababu ina neno "kataa" na neno "faragha". Soma mwisho wake: "utanyamaza". Hapo umeshaingia kwenye mpango wake.

C ilishinda kwa sababu inaanza na kuhesabu tena. Huenda noti mbili zimegandana, au kuna chenji iliyoandikwa mara mbili. Hujamwita mtu mwizi. Umehakikisha, umeandika, umemwambia anayehusika, naye mwenzako yupo pale anasikia.

Mtoto wa Githurai

Nimekuelewa kwa B. Lakini D jamani? Kumwita mtu mwizi usiku kwa maandishi, bila ushahidi! Hiyo si ndiyo mbaya kuliko zote?

Mama wa Zamu

Ni mbaya, na ni ya kihuni. Lakini "isiyofaa kabisa" haimaanishi isiyo na adabu. Jiulize shida yenyewe imebaki wapi. Kwa D meneja anajua pesa zimepungua, hata kama umemjulisha kwa mdomo mchafu. Kwa A hakuna anayejua, na jina lako liko chini ya uongo. Watu wapole huanguka hapo sana. Wanaona jibu lenye ukali wanaliweka la mwisho, na lile la upole linalozika shida wanaliacha katikati.

Jirani wa Donholm

Mimi nauliza, mnalipia huo mtihani? Kuna mmoja alinitumia linki akaniambia nitume 500 kwa M-Pesa kwanza ndipo nipewe neno la siri. Nimetuma tangu Jumatatu, kimya.

Kalamu Nyekundu

Jirani, hao wamekula. Anayekuajiri hakutozi pesa ili akupime.

Shosho wa Rongai

Mama wa Zamu, nakuheshimu, lakini tuseme ukweli. Huyo anayechagua C kwenye skrini, ukimweka kaunta mwezi wa kumi na mbili na mwenzake analia kwamba mtoto amefukuzwa shule, atatia sahihi. Na anayeripoti atakula chakula cha mchana peke yake hadi aache kazi. Huo mtihani unapima nani anajua la kusema.

Mama wa Zamu

Shosho, sitakubishia sana. Hata maneno ya swali huleta tofauti. Wakikuuliza "ungefanya nini", wanataka tabia yako. Wakiuliza "ipi inafaa zaidi", wanapima kama unajua. Githurai aliulizwa la pili akajibu la kwanza, akaweka moyo wake pale. Kama anayejua ndiye atakayetenda, hilo mimi siwezi kuapa.

Mtoto wa Githurai

Kweli, niliweka moyo. Hata kwenye lile la kuchelewa nilishaanza kufikiri jamaa anatoka Kitengela na barabara ya Mombasa imefungana, wakati swali halikutaja Kitengela wala matatu.

Lakini bado kuna la 14. Meneja anampa mteja bei isiyo sahihi mbele yako. Umrekebishe pale pale, usubiri mteja aondoke, au umnong'oneze? Mimi nilinong'oneza. Huku kwetu humwambii mkubwa amekosea mbele ya mteja.

Mama wa Zamu

Letu lilifanana sana na hilo, tukagawanyika. Saba walisema nong'oneza, watano wakasema mteja asilipe hata shilingi moja ya bei ya uongo, sema pale pale. Kelele zilijaa mle ndani, chai ikapoa. Mwishowe tukalitupa swali. Kama kwenu wamelibakiza, ningependa kujua walikaa na nani.

Jirani wa Donholm

Na hiyo 500 inarudishwa vipi?