Naomba ushauri: nyanya za hoteli, kila wiki na kwa saizi

Ndugu wanakikundi wa bonde la Lukuledi, habari za shamba. Mimi ni mpishi wa hoteli hapa Lindi mjini. Nimekwama kwenye nyanya.

Kwa wiki natumia kilo 40. Za kachumbari na za kukata vipande vya chai ya asubuhi nataka za wastani, ngumu, zinazoanza kuwa nyekundu, ili zifike siku ya 4 bila kulegea. Ndogo na zilizoiva sana nazipeleka kwenye mchuzi. Sokoni tenga huja limechanganywa, kubwa zimepangwa juu (wenyewe mnajua mchezo huo). La juzi, kati ya kilo 40, za kukata zilikuwa 15, za mchuzi 21, na 4 zilipondeka chini.

Nimejaribu kumwongeza muuzaji hela anichagulie. Wiki mbili alifanya vizuri, ya tatu hakuleta kabisa: shamba lake lilivunwa lote kwa mkupuo.

Sasa naomba kuuliza. Je, mnaweza kupeana zamu ya kusia mbegu, kila baada ya wiki 2 au 3, ili nipate kilo 20 Jumatatu na 20 Alhamisi? Na mvua zikikolea, ukungu ukishika majani, nipunguze kiasi gani?

Pili, mkinichagulia shambani kwenye kreti badala ya tenga, bei ya kilo ya daraja la kwanza na ya mchuzi tuzitofautisheje bila kuwaumiza?