Naomba ushauri: sekunde 22 au 25 kwenye mchoro wa tetemeko?

Habari zenu wakuu. Nafundisha jiografia hapa Dodoma, na nina kipima tetemeko kidogo kinachorekodi mtikisiko wa juu-chini tu. Juzi usiku kilinasa tetemeko. Wimbi la kwanza, P, limeanza saa 3:14:08, halina ubishi: mstari uliotulia umeruka ghafla. Tatizo ni wimbi la pili, S. Linaingia wakati mkia wa P bado unatikisa mstari, kwa hiyo mimi naliona kwenye 3:14:33, ila mwanafunzi wangu anasisitiza ni 3:14:30.

Hesabu yangu ni hii. Nimechukua P inakwenda kilomita 6 kwa sekunde na S kilomita 3.5. Kwa mwendo huo, kila sekunde moja S inayochelewa ni kama kilomita 8.4 za umbali. Sekunde 25 zinanipa kilomita 210, na 22 zinanipa 185. Sekunde tatu za ubishi zimehamisha tetemeko kilomita 25!

Kina hakinisumbui sana. Hata likiwa limeanzia kilomita 40 chini, hizo 210 zinakuwa kama 206 zikipimwa juu ya ardhi.

Najua S hutikisa zaidi kwa ubavu, ndiyo maana huonekana vizuri kwenye vipimo vya mlalo, ambavyo sina. Je, kwa mchoro wa juu-chini peke yake, niangalie mawimbi yanapopanuka na kuwa ya polepole, au yanapokua kwa urefu? Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali.